Enzaimu moja tu ikikosekana kwenye laisosomu: twende hatua kwa hatua mpaka kwa mtoto aliyelegea

Kila mwaka nikifika kwenye mada hii wanafunzi wanakuja wameshakariri sentensi moja, "laisosomu ni mfuko wa kujiua wa seli", alafu ukiwauliza mtoto aliyezaliwa bila enzaimu moja ya humo ndani ataumwa nini wanabaki kuangaliana. Mchana niko maabara, jioni nafundisha tuisheni ya bailojia kidato cha tano na sita, kwaiyo ntakupitisha njia ninayoitumia mwenyewe, na tutashika ugonjwa mmoja tu, unaitwa Pompe, ukiuelewa huo mengine utajipigia hesabu.

Hatua ya 1: anza na peroksisomu, kifuko kingine ndani ya seli, maana kazi yake unaiona kwa macho

Nenda duka la dawa nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Ya saluni ya kubadilisha rangi ya nywele achana nayo, ni kali zaidi, itakuunguza. Chukua maini mabichi ya ng'ombe, kata vipande viwili vya ukubwa wa punje ya harage, suuza damu vizuri, kimoja kichemshe dakika 5 kipoe. Weka kila kimoja kwenye glasi yake alafu mimina kijiko kimoja cha dawa. Kibichi kitatoa povu linapanda kama sufuria ya maziwa, kilichochemshwa kitakaa kimya.

Povu lile ni oksijeni, na kilichoitoa ni enzaimu inaitwa katalesi, ambayo kwenye ini inakaa kwa wingi ndani ya peroksisomu:

```
2H2O2 → 2H2O + O2
```

Nimesema suuza damu kwa sababu chembe nyekundu nazo zina katalesi, usiposuuza mtu mbishi atakwambia povu ni la damu, na atakuwa na haki kiasi. Hata ukisuuza haiishi yote, ila kipande kikitoka kimepauka na povu bado lipo, ujue ini lenyewe linafanya kazi.

Sasa kwanini seli iwe na katalesi yote hiyo? Kwa sababu peroksisomu inakata mafuta kwa kutumia oksijeni, hasa yale yenye mnyororo mrefu sana, kaboni 22 na kuendelea, ambayo mitokondria haiwezi kuanza nayo. Peroksisomu inayafupisha kwanza alafu mitokondria inamalizia. Katika kukata huko inazaliwa haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu, kwaiyo anayeizalisha na anayeiharibu wamewekwa chumba kimoja. Basi, peroksisomu tuiache hapo, tutairudia mwishoni.

Hatua ya 2: elewa asidi kabla ya kuelewa enzaimu

Laisosomu yenyewe haitumii oksijeni, inakata vitu kwa maji. Ina enzaimu kama 60 hivi, kila moja na kitu chake, kuna ya protini, kuna ya mafuta, kuna ya wanga, na karibu zote zinataka asidi. Ndani ya laisosomu pH iko kama 4.7, nje kwenye saitoplazimu iko kama 7.2. Tofauti ya 2.5 inaonekana ndogo lakini pH inaenda kwa makumi, kwaiyo ndani kuna ioni za haidrojeni zaidi ya mara 300 kuliko nje. Hazikuingia zenyewe, kuna pampu kwenye utando inazisukuma ndani muda wote na inakula ATP.

Na hapa ndo ile hadithi ya mfuko wa kujiua inapochuja. Laisosomu moja ikipasuka seli haifi, sababu enzaimu zikimwagika nje zinakutana na pH ambayo nyingi kati yake haziwezi kufanyia kazi. Zikipasuka nyingi kwa mpigo hapo ndo balaa.

Hatua ya 3: jifunze kwa friji ya de Duve

Mwaka 1949 kule Luven Ubelgiji, Christian de Duve na wenzake walikuwa wanahangaika na ini la panya, wanatafuta mambo ya insulini. Wakapima enzaimu moja ya asidi kwenye ini walilosaga taratibu, majibu yakatoka madogo mno, kama sehemu ya kumi ya walichotegemea. Wakaweka sampuli kwenye friji. Baada ya siku 5 wakapima tena, enzaimu imepanda!

Enzaimu haizaliwi ndani ya friji jamani. Maana yake ilikuwepo siku zote ila imefungiwa ndani ya kifuko, na kifuko kilipochakaa ikatoka. Jina la laisosomu likaja 1955, na mwaka 1974 akapewa Nobeli pamoja na Albert Claude na George Palade. Peroksisomu nayo ni yeye aliyeipa jina.

Shika hilo la kifuko kilichofungwa. Kitu kikiingia mle hakitoki mpaka kikatwe vipande vidogo vya kupita kwenye utando. Ugonjwa wote unaofuata umesimama hapo.

Hatua ya 4: fuata enzaimu inavyofika kazini

Enzaimu inatengenezwa nje ya laisosomu, inapita Golji, na pale Golji inagongwa muhuri wa anwani, sukari inaitwa manosi-6-fosfeti. Kuna vipokezi vinausoma muhuri huo na kuipeleka laisosomu. Vipokezi hivyo hivyo viko pia juu ya seli kwa nje, kwaiyo enzaimu yenye muhuri ikiwa inaelea kwenye damu, seli inaweza kuidaka na kuiingiza ndani. Kumbuka hili, ndo dawa itakapopitia.

Hatua ya 5: toa enzaimu moja, alafu uliza maswali mawili

Swali la kwanza, hii enzaimu ilikuwa inakata nini? La pili, hicho kitu kinaingia kwa wingi laisosomu za kiungo gani? Ukijibu hayo mawili umeshamuona mgonjwa kabla hajaingia mlangoni.

Tuondoe asidi alfa-glukosidezi, jeni yake ni GAA. Ilikuwa inakata glaikojeni. Seli inapofanya usafi inameza vipande vya saitoplazimu yake yenyewe na kuvipeleka laisosomu, na kwenye seli za misuli humo ndani mna glaikojeni ya kutosha. Inaingia, haikatwi, haitoki. Kesho inaingia nyingine. Laisosomu zinavimba, zinapasuka, zinasukuma nyuzi za msuli pembeni mpaka msuli unashindwa kuvuta. Msuli gani haupumziki? Moyo. Na wa kupumulia.

Kwaiyo mtoto tunayemtarajia yuko hivi: miezi michache tu, amelegea kama nguo iliyoloa, shingo haikazi, kunyonya kwa shida, anahema haraka, ulimi mkubwa, na eksirei inaonyesha moyo umejaa kifua. Ndo alichokiandika daktari Mholanzi Joannes Pompe mwaka 1932, mtoto wa kike wa miezi 7 aliyekufa na moyo mkubwa kupita kiasi. Sababu ikaja kujulikana 1963, mtafiti Mbelgiji anaitwa Hers akaonyesha ni enzaimu hii iliyokosekana, na huo ndo ukawa ugonjwa wa kwanza wa aina hii kuelezwa kwa laisosomu.

Wazazi wake kwa kawaida wazima kabisa. Kila mmoja ana nakala moja ya jeni iliyoharibika na nusu ya enzaimu inatosha kazi, shida ni mtoto akirithi zote mbili, na hiyo ni nafasi 1 kwa 4 kila mimba. Kuna ambao enzaimu imebaki kidogo, hao wanaanza kuumwa ukubwani, mapaja yanakosa nguvu, kupanda ngazi shida, kulala chali pumzi inakata, moyo mara nyingi uko salama.

Hatua ya 6: mtego wa sukari

Swali hili nawapa kila mwaka na karibu darasa zima linaanguka: mtoto wa Pompe sukari yake ya damu ikoje? Wanaandika "imeshuka, sababu glaikojeni haivunjwi". Hapana. Iko kawaida. Glaikojeni nyingi iko saitoplazimu na kule ina enzaimu zake zingine ambazo ni nzima, mtoto akikaa na njaa ini linatoa sukari kama la mtoto mwingine yeyote. Iliyokwama ni ile iliyoingia kwenye kifuko tu. Msuli wake una nishati, umeziba tu.

Hatua ya 7: pima, na usidanganywe na kipimo

Tone la damu linakaushwa kwenye karatasi maalumu, baadae unakata kiduara kidogo, unaweka kwenye maji ya asidi pamoja na kemikali inayong'aa ikikatwa na enzaimu. Isipong'aa, enzaimu haipo. Rahisi? Hapana, kuna mashimo mawili. Chembe nyeupe zina enzaimu nyingine inayoweza kukata kemikali ileile, ukapata mng'ao wa uongo na mgonjwa akapita kama mzima. Kuizima hiyo tunaweka akabozi, ndio, ileile dawa ya kisukari. Shimo la pili ni joto na unyevu, karatasi ikisafiri vibaya enzaimu zinakufa njiani na mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Ndo maana kwenye karatasi hiyohiyo unapima na enzaimu nyingine ya laisosomu, zote zikiwa chini basi ni sampuli imeharibika, omba nyingine. Ikiwa chini moja tu nyingine ziko vizuri, hapo unaenda kuthibitisha kwa kipimo cha jeni.

Hatua ya 8: rudisha enzaimu kwa mlango wa nje

Tangu 2006 kuna enzaimu ya kutengenezwa inayopewa kwa dripu, miligramu 20 kwa kila kilo, kila wiki 2, maisha yote. Mtoto wa kilo 6 ni miligramu 120, chupa moja ina 50, kwaiyo unafungua 3. Inaingia kwa ule muhuri wa hatua ya 4. Moyo unaitikia vizuri, unapungua ukubwa, na watoto ambao bila dawa wengi hawamalizi mwaka wa kwanza wanaishi. Ila misuli ya miguu inaitikia kidogo, ubongoni dawa haifiki, msuli uliokwishaharibika haurudi, na mtoto ambaye mwili haujawahi kutengeneza enzaimu hii kabisa kinga yake inaweza kuiona ni mgeni na kuishambulia. Na bei usiniulize.

Hatua ya 9: jaribu mwenyewe

Mtoto mchanga mwingine amelegea, utosi mpana, anapata degedege, ini halifanyi kazi vizuri. Moyo kwenye eksirei haujatanuka. Enzaimu zote za laisosomu kwenye karatasi ziko sawa. Damu yake imejaa mafuta ya kaboni 26. Rudi kwenye hatua ya 1, angalia nani alikuwa anayafupisha hayo mafuta, alafu niandikie hapo chini ni kifuko gani hakijajengwa.