Kabla ya kupanga herufi saba: anza na ncha za neno

Herufi saba zisizojirudia zinaweza kupangwa kwa namna 5,040. Herufi moja ikijirudia mara mbili, hesabu inashuka hadi 2,520. Hakuna mtu anayefumbua anagramu, yaani fumbo la kupanga upya herufi zilizovurugwa ziwe neno, kwa kupitia mipangilio yote hiyo. Anayeipata upesi ni yule aliyetayarisha herufi zake kabla hajaanza kuzipanga: ameziunganisha zile zinazopenda kwenda pamoja, kisha akajiuliza neno linaweza kuanzaje na kuishaje. Kiswahili kinamsaidia sana mtu wa namna hii, kwa sababu maneno yake mengi yana kiambishi mbele au nyuma, na karibu yote huishia kwa irabu.

Kwanza ujue fumbo linakubali maneno ya aina gani. Kama kitenzi kilichonyambuliwa kinaruhusiwa, -WA, -ANA, -ISHA na -IKA ni ncha halali. Kama ni nomino tu, usipoteze muda nazo. Uulize pia kuhusu KU- ya kitenzi-jina na -NI ya mahali, maana watunzi wanatofautiana hapo.

Kisha hesabu irabu. Ukiwa na irabu nne na konsonanti tatu, mara nyingi neno linaanza kwa irabu, kama URAFIKI na UTAJIRI, au lina irabu mbili zinazofuatana. Irabu tatu na konsonanti nne zinamaanisha lazima kuna konsonanti zinazoshikana mahali fulani. Irabu mbili tu ni habari njema kuliko inavyoonekana, kwa kuwa konsonanti tano hazina pa kwenda ila kurundikana, kama katika CHUNGWA na MCHUNGU.

Hapo ndipo unapounganisha. C ni rahisi kuliko zote, kwa sababu katika tahajia ya Kiswahili haisimami bila H. Andika CH kama kitu kimoja, na herufi saba zako zimekuwa vipande sita. N hutafuta D, G, J, Z au Y. M hutafuta B au V, na ikikosa, jaribu kuiweka mwanzo kabisa. W na Y hukaa mbele ya irabu moja kwa moja, kwa hiyo W haiwezi kuwa herufi ya mwisho, wala haifuatwi na konsonanti. Maneno ya kukopa huvunja utaratibu huu, kama MAKTABA yenye KT katikati, lakini hayo yaache hadi njia ya kawaida ikwame.

Baada ya hapo tazama ncha. Ninachopendekeza ni kutafuta kwanza ncha ndefu, kwa kuwa inakula herufi nyingi kwa mara moja. Ukiona M, A, J na I, jaribu M- mwanzoni na -AJI mwishoni. Zitabaki herufi tatu tu: zikiwa S, O, M umepata MSOMAJI, zikiwa F, U, G umepata MFUGAJI. Ukiona S, H na A pamoja na I au E, fikiria -ISHA au -ESHA. Irabu ya mzizi inakuambia ni ipi kati ya hizo mbili: penye O au E huja -ESHA, kama KOMESHA, na penye A, I au U huja -ISHA, kama SAFISHA.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Umepewa W, A, D, K, N, I, A, na vitenzi vinaruhusiwa.

Irabu ni tatu: A, A, I. Konsonanti ni nne, kwa hiyo kuna mahali zinashikana. N na D zinaitana, basi andika ND kama kipande kimoja. Sasa una vipande sita: W, K, ND, A, A, I. Ncha zinazowezekana ni KI- mbele, WA- mbele na -WA nyuma. -NI pia inaonekana, ila ukiitumia unaivunja ND, kwa hiyo iwekwe mwisho wa foleni.

Anza na KI-. Vinabaki W, ND, A na A, vipande vinavyopangika kwa namna 12 tu. Neno liishie kwa A, na W isiguse ND kwa mbele moja kwa moja, na hapo zinabaki nne: KIWANDA, KINDAWA, KIANDWA, KINDWAA. Jibu limejitokeza lenyewe, KIWANDA.

Wengi wangeishia hapo, na kama fumbo linataka jibu moja bila kidokezo hawana kosa. Lakini ncha ya nyuma haijajaribiwa. Weka -WA mwishoni. Vinabaki A, I, K na ND, na kabla ya -WA panafaa konsonanti, yaani mwisho wa mzizi wa kitenzi. Ukipishanisha irabu na konsonanti kuanzia irabu, unapata njia nne: AKINDWA, IKANDWA, INDAKWA na ANDIKWA. La mwisho ni neno kamili. Herufi zile zile saba, nd ile ile katikati, ila kiambishi kimehama kutoka mbele kwenda nyuma na nomino imegeuka kuwa kitenzi. Ndiyo maana nasisitiza kuorodhesha ncha zote kwenye karatasi kabla ya kuikumbatia ya kwanza, hasa kwenye fumbo lenye kidokezo au lenye herufi zinazokatiza.

Katika seti hii kuna mtego pia. Jicho linaiona WINDA haraka sana, na KINDA vilevile. Ukishika WINDA zinabaki K na A, ukishika KINDA zinabaki W na A, na hakuna mahali pa kuzibandika bila kulazimisha. Neno fupi linaloacha herufi mbili zisizo na kazi ya kisarufi kwenye neno hilo si hatua ya mbele hata likipendeza. ANDIKA ni tofauti: inaacha W peke yake, na W ina kazi inayojulikana, kuingia kabla ya A ya mwisho.

Uunganishaji nao una mipaka yake. Chukua S, B, I, H, U, M, A, na safari hii ni nomino tu. SH na MB zinaonekana mara moja, na ukizishika zote mbili utazunguka kwenye USHIMBA, ASHUMBI, MBISHAU na mengine yasiyo maneno. Dalili ya kukosea ni hiyo: kila mpangilio unasomeka vizuri mdomoni lakini hakuna unaotambulika. Usiendelee kuzungusha irabu. Fungua kishikizo kimoja, na uanze na M, kwa kuwa M ina uwezo wa kusimama mwanzoni kama silabi isiyo na irabu. SH ikiwa bado imeshikana unapata MSHABIU na MBISHUA, bado hakuna kitu. Fungua na SH. Sasa baada ya M kuna konsonanti tatu, H, S, B, na irabu tatu, A, I, U, kila konsonanti na irabu yake. Mipangilio ya namna hiyo ni 36, na kwa kuwa M- mara nyingi humtaja mtu, unatafuta kazi au sifa ya mtu. Jaribu H baada ya M, umpe A: MHA-, kisha S na B zichukue I na U. MHASIBU.