Somo: Tangazo la usafi wa mtaro wa mtaa – pima tope kwanza, ndipo uite watu

Kila mvua zikikaribia napata swali lile lile: "Tunataka kusafisha mtaro Jumamosi, tuandikie tangazo la kuita watu wa kujitolea." Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Nazungumzia mtaro wa wazi uliojaa tope na taka. Kufagia barabara na kuokota makaratasi hakuhitaji somo.

Hatua ya 1: Tembea mtaro mzima wiki moja kabla. Anzia maji yanapoingia hadi yanapotokea, na uandike palipoziba.

Hatua ya 2: Pima kazi. Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanashangaa kwa nini watu wameondoka kazi ikiwa nusu. Chukua fimbo, ichomeke kwenye tope hadi iguse sakafu ya mtaro, uone tope limefika wapi. Fanya hivyo sehemu kadhaa, upate wastani.

Tuseme kipande chenu ni mita 60, upana sentimita 60, na tope lina kina cha sentimita 20. Zidisha 60 × 0.6 × 0.2, unapata mita za ujazo 7.2, yaani lita 7,200. Toroli likipakiwa bila kufurika hubeba kama lita 60 za tope bichi. Hizo ni safari 120. Mkiwa na toroli 4, kila moja litakwenda safari 30, na kwa saa mbili na nusu za kazi ni safari moja kila dakika 5: kupakia, kusukuma, kumwaga, kurudi. Inawezekana kama pa kumwaga ni hatua chache kutoka mtaroni. Kama ni mbali, punguza urefu wa kipande, usiongeze maneno ya kuhamasisha kwenye tangazo.

Kutoka hapo ndipo idadi ya watu inapatikana. Kwa kazi hiyo mimi ningeita 28: watu 12 wa kuchota tope wakipokezana machepe 6, watu 8 kwenye toroli 4 (lita 60 za tope zinakaribia kilo 100, hakuna anayesukuma peke yake asubuhi nzima), 6 wa kuokota taka, na 2 wa kushughulikia maji ya kunywa na huduma ya kwanza. Mkiwa 14, safisheni mita 30 vizuri.

Hatua ya 3: Jua tope litakwenda wapi. Tafadhali soma aya hii mara mbili. Mtaro ukisafishwa na tope likaachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na watu waliojitolea wakiona hivyo hawaji tena. Nimeshuhudia mtaa ambao lori liliahidiwa "litapita mchana". Halikupita. Lundo lilikaa, watoto wakachezea, likakauka juu na kubaki bichi chini, kisha mvua ikanyesha usiku na mtaro ukaziba upya. Kuwaita watu wale wale mara ya pili ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchota tope lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote la tangazo, ongea na ofisi inayohusika na taka mtaani kwenu, ujue dampo gani linapokea tope na nani analeta lori. Tope la mfano wetu lina uzito wa karibu tani 12, kwa hiyo lori la tani 7 linahitaji safari mbili. Waambie hivyo mapema, wasije na pikapu. Mpigie dereva mwenyewe jioni ya kuamkia siku ya kazi. Asipothibitisha, badilisha kazi: okoteni taka na fyekeni majani, tope liacheni mahali lilipo hadi lori lipatikane.

Onyo: usilundike tope karibu na ukingo, uzito wake unasukuma ukuta wa mtaro; liwe mbali angalau mita moja, juu ya turubai. Onyo jingine: usimruhusu mtu alichukue kwenda kurutubisha bustani. Tope la mtaro limebeba oili na maji ya vyoo.

Hatua ya 4: Mahali pa kukutania. Pawe mahali pamoja tu, upande maji yanapotokea, kwa sababu kazi inaanzia huko. Pawe na kivuli, maji ya kunawa na choo. Taja alama ambayo hata mgeni ataiona. "Kwa kina fulani" si alama.

Hatua ya 5: Muda. Kukusanyika saa 12:30 asubuhi, chepe la kwanza saa 1:00, kuacha kuchota saa 3:30 hata kama pamebaki kidogo, kuosha vifaa na kunawa hadi saa 4:00. Muda wa kumaliza uandikwe. Mtu anayejua atatoka saa ngapi huja. Asiyejua hukaa nyumbani. Na andika "saa 1:00 asubuhi", usinakili "7:00" kutoka kwenye simu, maana kuna atakayefika saa 7 mchana.

Hatua ya 6: Vifaa. Taja vya kuleta na vitakavyokuwepo, usiseme "njoo na vifaa". Ukisema hivyo utapata fagio 20 na chepe 1.

Hatua ya 7: Andika tangazo. Mfano huu, badilisheni yaliyo yenu:

*Ndugu majirani, Jumamosi hii tunasafisha mtaro wa mita 60, kuanzia kalavati la chini hadi kalavati la juu. Tunahitaji watu 28. Tukutane chini ya mwembe mdogo ulio upande wa maji yanapotokea, saa 12:30 asubuhi. Kazi inaanza saa 1:00, tunaachana saa 4:00. Njoo na gambuti au viatu vilivyofungwa na suruali ndefu. Mwenye chepe au toroli atuambie kabla ya Alhamisi. Glovu, viroba, reki, maji ya kunywa na sabuni vitakuwepo. Mwenye kidonda mkononi au mguuni asiingie mtaroni, kuna kazi nyingine. Mvua ikinyesha usiku, tutawajulisha ifikapo saa 12:00 asubuhi kama tumeahirisha. Ukija, jibu kwa kuandika: chepe, toroli, taka au maji.*

Mstari wa mwisho ndio unaokupa hesabu. Mtu akichagua kazi, amejipa nafasi. Akijibu "tuko pamoja" hujui kama anakuja.

Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe. Dakika 10 za maelekezo. Taka kavu na plastiki zitoke kwanza, tope baadaye. Vikichanganyika dampo linaweza kukataa. Hakuna mtu kuingia ndani ya kalavati, hata kijana mwembamba anayejitolea. Hewa humo inaweza kuwa mbaya, na maji yakija ghafla hana pa kutokea. Vuta kwa reki ndefu kutoka pande zote mbili. Watoto hawashuki mtaroni.

MASWALI YA WANACHAMA

jirani_mpya: Asante. Sasa tunakutana wapi na saa ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya 4 na ya 5. Huu ni mwongozo, mahali mtapanga nyie.

mpenda_bustani: Samahani kwa swali la kitoto. Kwa nini kuanzia maji yanapotokea? Sisi huanza juu, tunashuka nayo.

Mwandishi: Si la kitoto hata kidogo. Ukianza juu, maji yaliyotuama unayoyaachia yanashuka hadi palipoziba chini, yanajaa, na waliobaki wanachota supu badala ya tope. Ukifungua chini kwanza, maji yanapata njia, na kila mnavyopanda mnakuta tope limeshachuja kidogo, ni jepesi zaidi. Pia mnaona mapema kama mdomo wa chini umebomoka. Ukiwa umebomoka, kusafisha juu hakusaidii mpaka utengenezwe.

kijana_wa_kona: Hesabu nyingi mno hizi. Sisi watu 10 tunamaliza mtaro mzima.

Mwandishi: Una kina gani cha tope na urefu gani?

kijana_wa_kona: Sijapima, ila huwa tunamaliza.

Mwandishi: Pima, kisha tuongee. Kama tope lenu ni sentimita 3, watu 10 wanatosha na sijasema vinginevyo.

mama_wa_wawili: Mtaani kwetu sindano hutupwa mtaroni. Naogopa kuita watu. Nifanyeje?

Mwandishi: Una haki ya kuogopa, na si sababu ya kuacha. Teua watu wazima wawili wenye gambuti na glovu nene wapite kwanza kabla ya wengine kushuka. Wabebe kibano kirefu na chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ya sabuni ya maji. Chupa iwekwe chini, isishikwe mkononi wakati sindano inaingizwa. Wasijaribu kuivisha sindano kofia yake. Chupa ipelekwe kituo cha afya, ila waulize kabla kama wanapokea. Na kiroba cha taka kisikandamizwe kwa mkono au kwa mguu, wala kisibebwe kikigusa paja.

Mtu akichomwa, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiminye jeraha, aende hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72. Asisubiri kazi iishe.

mzee_wa_kazi: Taka zilizokauka si tuchome pale pale tu?

Mwandishi: Hapana. Moshi wa plastiki ni sumu, na makopo ya kupuliza hulipuka motoni.

fundi_bomba: Naongezea la viroba. Tumieni vile vya kufumwa, maji yanachuja yenyewe. Vya nailoni vinabaki na maji na kupasuka njiani. Na msijaze zaidi ya nusu.

Mwandishi: Kweli kabisa. Nusu ya kiroba cha kilo 50 kikiwa na tope tayari ni mzigo wa watu wawili.

mpenda_bustani: Na machepe ya kuazima? Mara ya mwisho mawili hayakurudi kwa wenyewe.

fundi_bomba: Paka rangi mpini, kila nyumba rangi yake, na mtu mmoja aandike daftarini nani kaleta nini. Yaoshwe kabla ya saa 4, tope likikauka ni kazi kulitoa.

Mwandishi: Mwenye daftari awe mmoja wa wale wawili wa maji, hao hawaondoki pale mahali pa kukutania.

jirani_mpya: Nimesoma tena. Nimepima leo: mita 40, upana sentimita 50, kina sentimita 15. Napata 3. Ni sahihi?

Mwandishi: Sahihi, mita za ujazo 3, safari 50 za toroli. Toroli 2 zinatosha kama pa kumwaga ni karibu. Kwa lori ni kama tani 5, safari moja. Mmeshapata dereva?

jirani_mpya: Bado. Nampigia kesho kabla ya kubandika tangazo.