SOMO: Bata mzinga wa Krismasi, hesabu yake inaanza Mei

Kuku wa nyama wa Krismasi unaweza kuwaamua katikati ya Novemba, maana wiki tano au sita zinawatosha. Bata mzinga wa kienyeji anahitaji takriban wiki 28 ndipo dume awe na mwili wa kumridhisha mteja. Ukimwaza Oktoba umeshachelewa. Somo hili ni la anayetaka kuuza bata mzinga 10 tarehe 20 Desemba.

1. Rudi nyuma kwenye kalenda. Kusanya mayai siku saba za mwisho kabla ya tarehe 7 Mei, kisha yaweke siku hiyo. Mayai yanaanguliwa kwa siku 28, hivyo vifaranga watatoka tarehe 4 Juni. Weka mayai 20, majike wawili waatamie kumi kumi. Mengine yatakuwa hayana mbegu, na vifaranga wachache watakufa wiki za mwanzo. Ukipata 10 au 11 waliokua, umefanya vizuri.

2. Watenge na kuku kabisa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza kundi zima. Kuku hubeba minyoo ya utumbo ambayo mayai yake yana kijidudu cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili, lakini bata mzinga anakufa. Utamwona anasinzia, mabawa yameshuka, kinyesi kina rangi ya njano ya kiberiti. Ukimpasua, ini lina mabaka ya mviringo. Mayai ya minyoo hukaa udongoni miaka, kwa hiyo banda lililohamwa na kuku mwezi uliopita bado si salama. Walelee kwenye sakafu ya saruji yenye maranda mapya, na usivae viatu vya bandani kwa kuku ukiingia kwao.

3. Wiki sita za kwanza. Joto liwe nyuzi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijibana pamoja wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni huku midomo wazi, joto limezidi.

Chakula ndicho kigumu zaidi. Kifaranga huyu anahitaji protini ya asilimia 26 hadi 28, na chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kina kama 22. Changanya kilo 10 za chakula hicho na kilo 1.5 za dagaa waliosagwa, utafika karibu 26. Dagaa wasiwe na chumvi wala mchanga. Baada ya wiki ya nane punguza dagaa, ongeza majani na malisho ya nje. Wiki tatu kabla ya kuuza waondoe dagaa kabisa, la sivyo nyama itanuka samaki. Mahindi ndiyo yatawanenepesha.

4. Linganisha na kuku kabla hujaanza. Bata mzinga wa kufungiwa atakula kama kilo 27 hadi siku ya kuuzwa. Kuku wa nyama mmoja anakula kama kilo 3.5, kwa hiyo chakula cha bata mzinga mmoja kinatosha kuku karibu wanane. Kama bei ya soko lako haifikii ya kuku wanane, ukitoa gharama ya vifaranga wao, fuga kuku. Na tafuta wateja mwezi wa Oktoba, uchukue advansi, maana Januari bata mzinga hanunuliki kirahisi na kila siku anaendelea kula.

MASWALI

*Morogoro: Mkuu, naweza kumwekea kuku wa kienyeji mayai aatamie?*
Ataatamia vizuri, kama mayai sita au saba. Ila vifaranga wakitoka waondoe siku hiyohiyo uwalee kwenye joto la taa au jiko. Wakitembea na mama kuku, umewaletea kichwa cheusi mwenyewe.

*Mbeya: Wangu wanakufa siku ya tatu, chakula kipo na hawali.*
Pole sana dada. Hawajakiona. Vifaranga hawa ni wazito kujifunza kula. Chovya midomo yao kwenye maji, nyunyiza mayai ya kuchemsha na mchicha uliokatwa juu ya chakula, na weka gololi zinazong'aa ndani ya maji na chakula ili wazidonoe. Mwanga uwe mkali siku hizo. Soma pia lebo ya mfuko: chakula cha kuku chenye salinomisini ni sumu kwao.

*Kisumu: Nimechelewa Mei. Bata wa kawaida au njiwa wataniokoa?*
Bata, ndiyo. Mayai ya bata wetu wa kienyeji huanguliwa kwa siku 35, na anafaa kuchinjwa akiwa na wiki 12. Ukiyaweka kabla ya tarehe 20 Agosti, Krismasi unao. Njiwa jozi moja inatoa makinda mawili kwa mkupuo, hivyo oda kubwa ya siku moja hutaiweza bila jozi nyingi sana.