Kabla ya kubashiri GG au HT/FT: hesabu kwanza mechi 100

Anayechagua GG, yaani timu zote kufunga, haulizwi nani atashinda. Anaulizwa kama kila timu itapata walau bao moja ndani ya dakika 90 pamoja na zile za majeruhi. Sare ya 1-1 na ushindi wa 4-1 vinamlipa sawasawa, na bao la kujifunga huhesabiwa kwa timu iliyonufaika nalo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia si ubora wa timu kwa ujumla, bali ni uwezekano wa kila moja kutoka uwanjani bila bao, kwa kuwa timu moja ikikosa, dau limepotea hata kama nyingine imefunga matano.

Tuseme umeangalia michezo ya wenyeji wakiwa nyumbani na ya wageni wakiwa ugenini, ukakadiria kwamba katika mechi 100 za namna hii wenyeji wangefunga katika 75 na wageni katika 60. Wanaoanza wengi huona namba zote mbili zimevuka nusu na kuamua kwamba GG ni ya kuaminika. Lakini katika zile mechi 75 ambazo wenyeji wamefunga, wageni nao wangefunga katika asilimia 60 tu, yaani mechi 45. Zilizobaki, mechi 55, ni NG, yaani walau timu moja haikupata bao. Kuzidisha huku kunachukulia kwamba mabao ya timu moja hayaathiri ya nyingine, jambo ambalo si kweli kabisa, kwa sababu timu iliyofungwa hupanda kushambulia na kuacha nafasi nyuma. Hata hivyo, kwa makadirio ya awali hesabu hii inatosha.

Sasa linganisha na odi. Gawanya 100 kwa 45 upate 2.22, ambayo ndiyo odi isiyokupunja wala kukupendelea. Ikiwa GG imewekwa 1.95, odi hiyo inahitaji ushinde takriban mara 51 kati ya 100, nawe umekadiria 45. Ukiweka shilingi moja katika kila mechi kati ya hizo 100, utarudishiwa wastani wa shilingi 88 hivi. Angalia pia upande wa pili: kama NG iko 1.80, inahitaji karibu 56, na 51 ukijumlisha na 56 unapata 107. Zile 7 zilizozidi 100 ni faida ya kampuni, na huwekwa ndani ya odi kabla mpira haujaanza.

HT/FT, yaani kubashiri kwa pamoja matokeo ya mapumziko na ya mwisho wa mchezo, inahitaji uangalifu zaidi. Chaguo zake ni tisa, kuanzia 1/1 hadi 2/2, ambapo 1 ni wenyeji, X ni sare na 2 ni wageni. Alama ya kwanza ni matokeo ya mapumziko, na alama ya pili ni matokeo ya mchezo mzima, si ya kipindi cha pili peke yake. Wenyeji wakienda mapumziko wakiongoza 2-0, kisha wakaruhusu bao na mchezo ukaisha 2-1, aliyechagua 1/1 amepata, ingawa kipindi cha pili walikipoteza. Asiyelijua hili hukadiria kitu tofauti kabisa na kile anachokilipia.

Rudi kwenye mechi ileile. Tuseme kati ya mechi 100 wenyeji wangeongoza mapumziko mara 33, wangekuwa sare mara 45 na nyuma mara 22, na mwishowe wangeshinda 48. Ukizidisha asilimia 33 kwa asilimia 48 utapata kama 16, na hilo ni kosa, kwa sababu anayeongoza mapumziko tayari ameshakaribia ushindi. Inakubidi uulize: katika zile 33, ni ngapi zingeishia kwa ushindi wa wenyeji? Tukikadiria 27, odi halali ya 1/1 ni 3.70. Katika zile sare 45 tukikadiria 18, X/1 ni 5.56. Zinabaki 3 za kutoka nyuma na kushinda, na 2/1 inakuwa 33 hivi. Ukubwa wa odi hiyo ya mwisho unaonyesha uchache wa matokeo yenyewe, na hata ikiwa 25 bado inakupunja. Kabla ya kuchagua, geuza odi zote tisa kuwa asilimia na uzijumlishe. Kwa kawaida ziada hapo huwa kubwa kuliko ya GG na NG.

Soma pia kanuni za kampuni kuhusu mechi inayovunjika, na ukumbuke kwamba katika michuano ya mtoano zile dakika 30 za nyongeza kwa kawaida hazihesabiwi. Kisha subiri vikosi, ambavyo mara nyingi hutangazwa kama saa moja kabla ya mchezo. Mshambuliaji mkuu wa wenyeji akikosekana na makadirio yako yakashuka kutoka 75 hadi 65, GG inabaki na mechi 39 na odi halali inapanda hadi 2.56, ile 1.95 iliyokuwa ndogo tangu mwanzo sasa haifai kabisa.