Kabla ya kinyozi kukuzungusha shingo

Kwenye vinyozi vingi vya Nakuru, kazi haiishii kwenye mashine. Unaoshwa kichwa kwa maji moto, unakandwa mabega, kisha mkandaji anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anazungusha ghafla, shingo inalia "ka!" Kama hutaki, sema kabla hujaketi: "Nikande mabega tu, shingo usizungushe." Mkono ukishaanza, umechelewa.

Mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake. Viungo vidogo vya uti wa mgongo vina majimaji ya kulainisha. Kiungo kikivutwa kwa ghafla, shinikizo ndani hushuka na povu la gesi hujitokeza. Ndiyo maana kiungo kilekile hakilii tena hadi dakika 20 hivi zipite. Mvuto huo pia huamsha mishipa ya fahamu, misuli iliyokaza hulegea, na maumivu hupungua kwa muda. Nafuu ni ya kweli. Ila chanzo cha maumivu huenda bado kipo.

Shingo ina hatari yake ya pekee. Ateri mbili, yaani mishipa ya damu, hupanda kwenda nyuma ya ubongo kupitia vitundu vya pingili za shingo, na karibu na fuvu hupinda. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, hapo ndipo zinaponyooshwa. Utando wa ndani ukichanika, damu huganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Ni nadra, lakini huwapata hata vijana wenye afya.

Tuseme wewe ni dereva wa matatu ya Nakuru–Kisumu. Umeamka na maumivu makali upande mmoja wa shingo, yamepanda hadi kisogoni, na hujawahi kuyasikia ya namna hiyo. Unafikiri umelala vibaya, unataka kukandwa. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu maumivu hayo yenyewe yaweza kuwa ateri iliyokwisha kuanza kuchanika. Siku hiyo nenda kwa daktari, si kwa kinyozi.

Usizungushwe pia kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una baridi yabisi au mifupa dhaifu, au kama uliumia shingo kwenye ajali ya boda. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanahitaji kupimwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwani pingili iliyoliwa na ugonjwa huo inaweza kuvunjika.

Na kama tayari umezungushwa, jiangalie kwa siku kadhaa, maana dalili huweza kuchelewa: kizunguzungu na kuyumba, kuona vitu viwili, kope kushuka, ganzi usoni, ulimi mzito, chakula kukwama kooni. Ikitokea hata moja, usirudi kwa mkandaji akunyooshe upya. Nenda papo hapo hospitali yenye siti skani, na umwambie daktari shingo ilizungushwa lini, kwa sababu asipoambiwa huenda asiifikirie ateri.