Paa limeng'oka: uchukue pesa za bima au uache kontrakta wao atengeneze?

Wanakikundi, tangu mvua za mwezi uliopita zipite Wakiso nimeulizwa swali hili mara nyingi. Nalijibu kwa hesabu ya nyumba moja niliyosaidia kudai, ambayo dhoruba iliondoa mabati ya upande mmoja na maji yakaingia ndani ya dari.

Hatua ya kwanza: soma kwanza polisi yako ya bima, yaani mkataba wako na kampuni. Tafuta kifungu kinachosema kampuni italipa, itatengeneza au itajenga upya. Mara nyingi kimeongezwa maneno "kwa hiari ya kampuni". Ukiyaona, ujue kwamba uchaguzi ni wao. Wewe unaweza kuomba na kujadiliana, lakini huwezi kulazimisha.

Hatua ya pili: omba makadirio yenyewe, kazi kwa kazi, usikubali jumla tupu. Katika nyumba hiyo mkadiria hasara alifika kwenye shilingi milioni 14 bila kodi ya ongezeko la thamani. Sehemu ambayo mwenye nyumba alipaswa kujilipia ilikuwa milioni 1. Kwa hiyo pesa taslimu zilizotolewa zilikuwa milioni 13.

Angalia mambo mawili hapo. Bei ile ilikuwa ya kontrakta anayepewa kazi nyingi na kampuni, kwa hiyo huwapunguzia. Wewe hutapata bei hiyo dukani. Pia kodi ya asilimia 18 haikuwemo. Uliza kwa maandishi kama watakurudishia ukileta risiti.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito: panda juu na fundi wako kabla ya kujibu. Sisi tulipanda na bisibisi. Mbao iliyolala juu ya ukuta ilionekana nzima, lakini bisibisi ilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Dari ilikuwa na doa la kahawia karibu na taa, maana yake maji yalifuata bomba la nyaya. Vitu hivi havikuwa kwenye makadirio, kwa sababu mkadiria alitazama kutoka chini.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili ni hapo. Ukichukua pesa, kitakachogunduliwa baada ya kufungua dari ni mzigo wako. Kampuni ikitengeneza, uharibifu uliotokana na dhoruba ile ile ni juu yao, hata gharama ikizidi makadirio. Mbao iliyoliwa na mchwa zamani ni jambo jingine: hiyo utailipa wewe kwa njia zote mbili.

Hatua ya nne: linganisha kitakachotoka mfukoni mwako. Fundi wetu alitaka milioni 13.6 kwa kila kitu. Tukaongeza asilimia 10 ya yaliyojificha, ikawa milioni 14.96. Toa milioni 13 za bima, pengo ni milioni 1.96. Kwa kontrakta wao angetoa milioni 1 tu. Kwa hiyo kuchagua pesa kungemgharimu shilingi 960,000.

Je, kiasi hicho kina faida? Kama unataka kubadilisha mtindo wa paa au una fundi unayemwamini, huenda ndiyo. Sisi tulimwachia kontrakta, kwa sababu ya zile nyaya. Lakini kabla hajaanza tulidai maandishi: mabati ya geji 28 kama ya zamani (walikuwa wameandika 30, ambayo ni nyembamba), tarehe ya kumaliza, na miezi sita ya kurudi kurekebisha kasoro bure.

MASWALI

Mwanachama wa Mukono: Nilisaini fomu ya kupokea pesa, kisha nikakuta nyaya zimeoza. Naweza kurudi?

Jibu: Pole sana, ndugu. Kama fomu inasema malipo ni ya mwisho na kamili, itakuwa vigumu. Andika hata hivyo, uambatanishe picha na barua ya fundi umeme. Wengine mnaosoma: kabla ya kusaini, ombeni iandikwe kwamba nyaya na dari havijafunguliwa kukaguliwa.

Mama wa Jinja: Nyumba nimeikatia bima ya milioni 150, ila kuijenga upya ni milioni 200. Nikichagua kontrakta naepuka kukatwa?

Jibu: Hapana, mama. Kama polisi ina kifungu cha uwiano, yaani wanalipa kwa kadiri ya sehemu ya gharama ya kujenga uliyoikatia bima, wanabeba robo tatu tu ya hasara. Ukitengenezewa, watakudai robo iliyobaki kabla kazi haijaanza.

Mwanachama wa Mbarara: Nina mkopo wa benki juu ya nyumba. Pesa zinakuja kwangu?

Jibu: Tazama kama benki imetajwa kwenye polisi. Ikiwa imetajwa, hundi inaweza kwenda kwao. Pata barua yao kwanza.

Mwanachama wa Mukono: Na kampuni ikikaa kimya?

Jibu: Peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, Kampala. Wana ofisi ya kusikiliza malalamiko. Beba nakala ya polisi, makadirio na barua zote ulizoandika.