Silinda ikivutwa kwa juu au kwenye ekseli, msuguano unaelekea wapi?

Wanafunzi wengi huchora mshale wa msuguano kuelekea nyuma kabla hata ya kusoma swali. Kwa silinda inayobiringika, mazoea hayo hukosesha jibu zima. Tuchukue silinda iliyojaa, yenye masi M = 6 kg, kwenye sakafu tambarare. Tunaivuta kwa kani F = 18 N kwenda kulia: kwanza kwenye ekseli, kisha kwa uzi uliozungushiwa mwili wake na kutokea juu.

Hatua ya 1: Ondoa msuguano kwanza. Fikiria sakafu ni laini kabisa. Popote unapovuta, kitovu kinapata mchapuko F/M = 3 m/s². Ukivuta ekseli, silinda haizunguki, kwa hiyo sehemu yake inayogusa sakafu inateleza kwenda mbele. Ukivuta juu, silinda inazunguka. Ukinzani wake wa kuzungushwa ni I = MR²/2, R ikiwa nusukipenyo, hivyo ukingo unapata mchapuko αR = 2F/M = 6 m/s², α ikiwa mchapuko wa kuzunguka. Sehemu ya chini inapata 3 − 6 = −3 m/s², yaani inateleza kwenda nyuma.

Hatua ya 2: Rudisha msuguano. Msuguano hupinga mtelezo wa sehemu inayogusa sakafu, haupingi mwendo wa silinda. Kwa hiyo ukivuta ekseli unaelekea nyuma, ukivuta juu unaelekea mbele. Hapa ndipo pa kutulia mpaka uelewe, maana yanayobaki ni hesabu tu.

Hatua ya 3: Andika milinganyo, f ikiwa msuguano na a mchapuko wa kitovu, ukitumia sharti la kubiringika bila kuteleza, a = αR.

Kwenye ekseli:
```
F − f = Ma
fR = Iα, yaani f = Ma/2
a = 2F/3M = 2 m/s²,  f = F/3 = 6 N (nyuma)
```

Juu:
```
F + f = Ma
FR − fR = Iα, yaani F − f = Ma/2
a = 4F/3M = 4 m/s²,  f = F/3 = 6 N (mbele)
```

Ukikosea mwelekeo, f itatoka hasi. Usifute kazi yako. Geuza mshale tu.

Hatua ya 4: Kagua kama silinda inabiringika kweli. Msuguano unaohitajika ni 6 N, na uzito wa silinda ni karibu 59 N. Kigezo cha msuguano tuli kikiwa chini ya 0.1 hivi, silinda itateleza na a = αR haitafaa tena.

Mchapuko wa 4 m/s² huwatia watu shaka, kwa kuwa unazidi F/M. Lakini kani za nje zinazosukuma mbele ni mbili, 18 + 6 = 24 N, na 24/6 ni 4. Nishati nayo inakubali: silinda ikisogea mita 1, mkono unaovuta uzi unasogea mita 2, kwa hiyo unafanya kazi ya 36 J. Kutoka kusimama, v² = 2 × 4 × 1 = 8, na nishati mwendo ya kusogea pamoja na ya kuzunguka, ¾Mv², ni 36 J ileile. Msuguano haukuongeza nishati yoyote, kwa sababu sehemu unapoigusa silinda haitelezi.